Tabasamu la voletiliti: hisa moja, namba mbili?

Dhana: hisa ina voletiliti yake moja, yaani kiasi bei yake inavyotikisika kwa mwaka, ukishaipata unaiweka kwenye fomula ya Black-Scholes na opsheni zote, yaani mikataba ya haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, zinajipa bei.

Ukweli: fomula ya 1973 ndo inadai hivyo, bei za sokoni zinakataa. Chukua hisa iko dola 100, riba sifuri, opsheni zinaisha miezi 3. Puti, yaani opsheni ya kuuza, yenye straiki 100, yaani bei iliyopangwa ni dola 100, inauzwa dola 3.99, ukiirudisha fomula kinyumenyume, yaani unatafuta ni voletiliti gani inazaa bei hiyo, unapata 20% kwa mwaka. Hiyo ndo voletiliti inayosomwa kwenye bei. Sasa weka hiyo hiyo 20% kwenye puti ya straiki 80, fomula inakupa senti 4 tu. Lakini tuseme sokoni inauzwa senti 40, mara kumi! Ili ufike hapo inabidi uweke 30%. Na ni hisa ile ile, miezi ile ile 3, haiwezi kutikisika kwa 20% na 30% kwa wakati mmoja, kwa hiyo kilichovunjika ni dhana ya voletiliti isiyobadilika. Ukichora hizo namba kwa kila straiki unapata mstari uliopinda, ndo wanaita tabasamu.

Dhana: basi turuhusu voletiliti ibadilike kwa tarehe, mambo yataisha.

Hapana, na hapa wengi wanateleza. Ikibadilika kwa tarehe peke yake, opsheni zinazoisha siku moja bado zote zinapata wastani mmoja, mstari unabaki bapa. Ule mkunjo unataka kitu kingine, bei inayoruka ghafla, au voletiliti inayopanda hisa zikishuka.

Dhana: puti za chini zimepandishwa bei kijinga, we uza tu ule hela.

Kabla ya 1987 mstari wa opsheni za fahirisi za hisa za Marekani ulikuwa karibu bapa. Oktoba 19 mwaka ule S&P 500 ikashuka zaidi ya 20% kwa siku moja, wakati voletiliti ya 20% kwa mwaka inamaanisha siku ya kawaida inacheza kama 1.3% hivi. Tangu hapo straiki za chini zinalipiwa zaidi, na kwenye fahirisi mkunjo umeelemea upande mmoja, kwenye sarafu ndo mara nyingi unakaribia tabasamu la kweli. Anayeuza ile puti ya senti 40 analipwa kubeba siku kama ile.

Ila sio kila mkunjo uuamini. Straiki za mbali mara nyingi zina wanunuzi wachache, bei ya mwisho inaweza kuwa ya asubuhi wakati hisa imeshasogea. Mi naangalia hivi: kol, yaani opsheni za kununua, na puti za straiki moja na tarehe moja, za aina ya kutekelezwa siku ya mwisho tu, lazima zitoe voletiliti karibu sawa. Kol ikisema 24% na puti 31%, angalia kwanza saa ya bei, halafu riba na gawio ulivyoweka.