Kumi ya juu kwa juu si kumi ya mwisho

Jumamosi iliyopita nimeisikia tena, na safari hii sikunyamaza. Mhazini wa kikundi chetu cha vikoba, mtu mzima ninayemheshimu, alinijibu kuhusu riba ya mikopo yetu mbele ya wanachama wote: "Kumi ni kumi tu, mwanangu. Ukilipa leo, ukilipa mwisho, laki ni laki." Kazi yangu ni kupiga hesabu za mifuko ya pensheni, na sentensi hiyo nimeisikia kwa makarani wa mikopo, kwa wahasibu wenye vyeti ukutani, hata kwa shemeji yangu ambaye anafundisha hisabati.

Utaratibu wetu uko hivi. Unakopa 1,000,000 kwa miezi mitatu, riba asilimia 10, inakatwa juu kwa juu. Unaondoka na 900,000, na baada ya miezi mitatu unarudisha 1,000,000 kwa mkupuo. Sasa niulize swali la kitoto: umekopa shilingi ngapi? Daftari linasema milioni. Mfuko wako unasema laki tisa. Hakuna dakika hata moja ambayo ile laki ya kumi ilikuwa yako kuifanyia biashara. Umetumia 900,000, ukazilipia 100,000, na 100,000 juu ya 900,000 ni asilimia 11.11.

Kwa hiyo zile "kumi" mbili zina mizani tofauti. Kiwango halisi cha riba, tunachokiandika i, kinapima gharama dhidi ya pesa uliyopokea mwanzoni. Kiwango halisi cha punguzo, d, kinapima gharama hiyohiyo dhidi ya pesa utakayorudisha mwishoni. Gharama ni moja, vigawanyio ni viwili, na cha mwisho siku zote ni kikubwa, ndiyo maana d huonekana ndogo kuliko i:

```
d = i / (1 + i)
i = d / (1 - d)
```

Weka d = 0.10 kwenye mstari wa pili upate 0.1111. Hapo wengi hutikisa kichwa, wanasema wameelewa, kisha wanakwenda kufanya kosa lilelile kwa mlango wa nyuma.

Kosa lenyewe lilitokea palepale kikaoni. Dada mmoja anayeuza vitenge alihitaji 1,000,000 kamili ya kuchukulia mzigo Kariakoo. Mhazini akasema rahisi: mwandikieni 1,100,000, ile laki ya ziada itameza riba. Kila mtu akaridhika. Nikaomba kalamu. Asilimia 10 ya 1,100,000 ni 110,000, kwa hiyo dada anapokea 990,000. Amepungukiwa 10,000. "Basi muongezeni elfu kumi." Sawa, lakini hiyo elfu kumi nayo ni mkopo, nayo inakatwa elfu moja. Ongeza elfu moja, inakatwa mia. Ongeza mia, inakatwa kumi. Jumla ya mkia huo, 100,000 na 10,000 na 1,000 na 100 na kuendelea, ni 111,111 na senti. Anapaswa kuandikiwa 1,111,111 ili apate milioni yake mkononi.

Hapa ndipo napenda watu wakae kidogo, maana mkia huo ndio maelezo yote ya kwa nini riba ya kutangulia ni ghali. Unapolipa riba kabla ya muda wake, unailipa kwa pesa uliyokopeshwa, kwa hiyo umekopa ili kulipa riba, na mkopo huo nao una riba yake ya kutangulia, nayo vilevile. Kwa alama: i = d + d² + d³, bila mwisho. Kumi ya kwanza ndiyo unayoambiwa. Ile 1.11 ya juu yake ni riba ya riba, na haiandikwi popote kwenye fomu.

Sasa kuna kundi la pili linaloniudhi zaidi kuliko mhazini: wale waliosoma kidogo, wanaosema riba ya mbele ni wizi. Si wizi. Kulipa mbele peke yake hakuongezi gharama hata senti. Ukinikopesha 1,000,000 nirudishe 1,100,000 mwishoni, i ni asilimia 10. Ukitaka kukata mbele na gharama ibaki ileile, kata asilimia 9.09: kwenye milioni ni 90,909, napokea 909,091, narudisha 1,000,000. Pigia hesabu, riba ni asilimia 10 juu ya nilichopokea. Kinachoumiza ni kuichukua namba ya mwisho wa muda na kuikata mwanzo wa muda bila kuipunguza.

Dhamana za serikali za muda mfupi huuzwa kwa punguzo na hakuna anayelalamika, kwa sababu hapo wewe ndiye mkopeshaji. Ukinunua kwa 90 kitakacholipwa 100, umepata 11.11 na si 10. Ila soma kiwango kinachotangazwa kinapima nini. Benki Kuu ya Kenya hupanga bei kwa kiwango cha faida juu ya pesa unayotoa, kwa mwaka wa siku 365. Kiwango cha punguzo cha dhamana kama hizo Marekani hupimwa dhidi ya thamani ya mwisho, kwa mwaka wa siku 360. Ukizilinganisha namba hizo mbili moja kwa moja umeshapotea.

Kuna jingine ambalo fomu zetu zinalinyamazia. Yule dada akiuza vitenge haraka na kurudisha 1,111,111 baada ya mwezi mmoja, harudishiwi kitu kwenye ile 111,111 iliyokatwa. Gharama ya asilimia 11.11 aliyodhani ni ya miezi mitatu sasa ni ya mwezi mmoja. Anayewahi kulipa ndiye anayeumia kuliko wote. Riba ingekuwa ya mwisho na inahesabiwa kwa muda, angeokoa.

Nikitaka kuwatisha, huwa napeleka hesabu kwenye mwaka. Robo nne za asilimia 10 mwishoni zinazaa asilimia 46.4 kwa mwaka. Robo nne za asilimia 10 juu kwa juu zinazaa 52.4. Namba ni sahihi, lakini nakiri kila mara ninapoitamka nasita. Inachukulia kwamba anakopa upya kila robo mpaka mwaka uishe, na kwamba riba inajilimbikiza. Dada wa vitenge alikopa mara moja. Kwake 11.11 kwa miezi mitatu ndiyo habari, na 52.4 ni kipimo cha kulinganisha mikopo ya muda tofauti tu. Tena kwenye vikoba sehemu ya riba inamrudia kwenye gawio la mwisho wa mwaka, kwa kadiri ya hisa zake, na sijui njia safi ya kuiingiza hiyo bila kubuni mambo.

Mhazini alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama tuandike 9.09. Kina mama wakacheka, nani atakata 9.09 kwa kichwa? Kumi imebaki. Ila kwenye daftari, pembeni ya safu ya "mkopo", sasa kuna safu ya "alichopokea", na dada wa vitenge ameandikiwa 1,111,111. Ile shilingi moja ya mwisho mhazini aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu, akaniuliza ni ya nani.