Asilimia 102 ya lengo si alama 5

Wiki hii tena msimamizi kaniletea fomu ya tathmini ya maafisa wake wa mradi, ambayo malengo yake yamenakiliwa neno kwa neno kutoka jedwali la viashiria vya mfadhili. Aliyefikia lengo kapata 5, ambaye hakufikia kapata 2. "Si namba zinajieleza?" Hazijielezi hata kidogo! Namba hizo ziliandikwa kwenye andiko la mradi kabla hata kazi ya huyo afisa haijatangazwa.

Niliwahi kuwapima maafisa wawili, kila mmoja akitakiwa kufundisha watu 600 kwa robo mwaka. Wa kwanza aliripoti 612, wa pili 430. Nikaomba karatasi za mahudhurio, nikayapanga majina kwa namba za simu. Saini 612 za yule wa kwanza zilikuwa za watu 441. Wengi walirudi mafunzoni, naye akawahesabu upya kila waliporudi, ilhali kiashiria kilitaka watu, si mahudhurio. Mwenzake alikuwa keshayaondoa majina yaliyojirudia, kwa hiyo 430 wake walikuwa 430 kweli. Pengo la 182 likabaki 11.

Kisha nikasoma barua pepe. Fedha za afisa wa pili zilichelewa wiki 7 kati ya 13. Hapo lazima utazame tarehe ya ombi, maana wapo wanaochelewesha retaya, yaani hesabu ya matumizi ya masurufu ya nyuma, halafu wakailaumu ofisi. Yeye aliomba mapema, na karatasi zake zilikamilika. Wiki ya 2 alishaandika kwamba lengo halitafikiwa, akapendekeza tumwombe mfadhili kibali cha kusogeza sehemu ya idadi robo inayofuata. Hakujibiwa. Aliyepaswa kumjibu ni mimi.

Basi napima kilichokuwa mikononi mwa mtu: usafi wa takwimu zake, alitoa tahadhari lini, alifanya nini kwa fedha na muda aliopewa. Idadi naiandika pembeni, kama hali ya mradi. Ukiigeuza kuwa alama ya mtu, usishangae karatasi za mahudhurio zikianza kuwa na mwandiko mmoja.

Afisa wa kwanza sikumwita mwongo. Karatasi yetu haikuwa na mahali pa kuonyesha nani amewahi kuhudhuria, na mimi ndiye niliyesaini ripoti yake. Nilimpa 3, wa pili 4. Hadi leo sina hakika na hiyo 3. Njia hii inampa msimamizi nafasi kubwa ya kupendelea, na msimamizi mwenyewe anapimwa kwa 612 ileile. Ushahidi wa barua na tarehe unapunguza upendeleo, hauumalizi.

Ripoti tuliisahihisha kwa mfadhili. Alituuliza maswali kwa miezi miwili. Afisa wa pili, pamoja na 4 yake, mkataba wake uliisha siku bajeti ilipoisha.