Kasi ya sanduku linaloteleza kwenye ubao wenye msuguano

Je, mtu anawezaje kujua sanduku litafika chini ya mteremko kwa kasi gani, wakati ubao una msuguano na uzito wa sanduku lenyewe haujulikani?

Vipimo vitatu vinatosha: kimo cha mteremko, umbali wake wa mlalo, na kigezo cha msuguano kati ya sanduku na ubao. Vinaunganishwa kwa kanuni ya kazi na nishati, isemayo kwamba jumla ya kazi inayofanywa na kani zote juu ya kitu ni sawa na badiliko la nishati mwendo ya kitu hicho.

Tuchukue sanduku la mbao la kilo 20, ambalo linaachiwa bila kusukumwa kutoka kwenye bodi ya lori, likateleza juu ya ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 2.5. Bodi iko mita 1.5 juu ya ardhi, na ncha ya chini ya ubao iko mita 2 mbele ya lori. Kigezo cha msuguano, wakati sanduku likiwa katika mwendo, ni 0.3, maana yake ni kwamba msuguano ni asilimia 30 ya kani inayoligandamiza sanduku kwenye ubao. Kilo hizo 20 tutazitumia kwanza, kisha tutaziona zikitoweka.

Dunia hulivuta sanduku hili kwa kani ya nyutoni 196, yaani 20 mara 9.8. Kwa kuwa sanduku linashuka mita 1.5, kazi ya mvutano huo ni jouli 294, bila kujali kama limeshuka kwa njia ndefu au fupi. Ubao nao hulisukuma sanduku, lakini hulisukuma upande wa pembe mraba na mwendo wake, kwa hiyo msukumo huo haufanyi kazi yoyote. Unachofanya ni kuamua ukubwa wa msuguano, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea: huzidisha 0.3 kwa uzito wote, kana kwamba sanduku limekaa sakafuni. Juu ya mteremko, ubao hubeba sehemu tu ya uzito, ambayo hupatikana kwa kugawanya umbali wa mlalo kwa urefu wa ubao: 2 kwa 2.5, yaani 0.8. Kwa hiyo kani inayogandamiza ni nyutoni 156.8, msuguano ni nyutoni 47.04, na katika mita 2.5 msuguano huo huondoa jouli 117.6, ambazo huishia kuwa joto katika nyuso zinazosuguana.

Zinabaki jouli 176.4, na hizo ndizo nishati mwendo ya sanduku linapofika chini:

½ × 20 × v² = 176.4
v² = 17.64
v = 4.2 m/s

Kama ubao usingekuwa na msuguano wowote, kasi ingekuwa takriban mita 5.4 kwa sekunde. Msuguano umekula asilimia 40 ya nishati, lakini kasi imepungua kwa kiasi cha asilimia 23 tu, kwa sababu nishati hufuata mraba wa kasi.

Sasa tazama hesabu ya msuguano kwa mara nyingine. Tuligawanya kwa 2.5 ili kupata kani, kisha tukazidisha kwa 2.5 ili kupata kazi. Urefu wa ubao umejifuta wenyewe, ukabaki umbali wa mlalo peke yake. Tungamo nalo limo katika kila kipande cha hesabu, kwa hiyo linafutika pia:

v² = 2g(h − μb)

Hapa g ni ile 9.8 ya mvutano wa dunia, h ni kimo, b ni umbali wa mlalo na μ ni kigezo cha msuguano. Kwa sanduku letu, μb ni mita 0.6, kwa hiyo linafika chini na kasi ileile ambayo lingekuwa nayo kama lingeanguka wima kutoka mita 0.9. Binafsi naiona njia hii kuwa nzuri kuliko kuhangaika na pembe, maana kinachohitajika ni futi kamba tu.

Endapo mtu atalisukuma sanduku lianze na mita 2 kwa sekunde, asiongeze 2 juu ya 4.2. Kinachojumlishwa ni miraba: 4 na 17.64 ni 21.64, na kasi ya mwisho ni takriban mita 4.65 kwa sekunde. Na iwapo μb itazidi h, kwa mfano ubao ukilazwa hadi umbali wa mlalo uwe mita 6 kwa kimo kilekile, jibu la v² litakuwa hasi. Hilo si kosa la hesabu: ni ishara kwamba sanduku lililoachiwa bila kusukumwa halifiki chini kabisa.

Njia hii ya mkato hushindwa ubao unapopinda. Mahali palipobonyea, ubao hulazimika kulisukuma sanduku zaidi ili ulipindishe njia yake, msuguano huongezeka, na sanduku hufika likiwa na kasi ndogo kuliko ile iliyokokotolewa.