"Sikusaini chochote": mkataba wa simu Ujerumani na mambo tunayodanganyana

Kwa Waswahili wanaoishi Ujerumani, hakuna kauli inayowaponza kama hii: "Sikusaini kitu, kwa hiyo hakuna mkataba." Mtu anapigiwa simu mchana akiwa kazini, sauti tamu inamwambia atapata jarida la mapishi miezi mitatu kwa bei ya chini, anajibu "ja, ja" ili simu iishe, kisha anasahau. Bili ikija anaitupa, kwa imani kwamba bila saini hakuna deni.

Ukweli ni kwamba sheria ya Ujerumani kwa kawaida haidai saini. Watu wawili wakikubaliana kwa mdomo kuhusu kitu na bei yake, huo ni mkataba, hata kama walikubaliana kwa simu. Usajili wa jarida umo humo.

Zipo bidhaa zilizotolewa nje ya kanuni hiyo, na hapo ndipo dhana ilipopata miguu. Tangu mwishoni mwa Julai 2021, mkataba wa umeme au gesi ya nyumbani hauwezi kukamilika kwa mdomo. Lazima uwe wa maandishi, hata kama ni barua pepe tu. Tangu tarehe 1 Desemba 2021, mkataba wa simu au intaneti nao una ulinzi wake. Kampuni inatakiwa ikupe muhtasari wa mkataba kwa maandishi kabla hujakubali. Ikipata "ndiyo" yako ya mdomo kwanza na kukuletea muhtasari baadaye, mkataba unabaki unaning'inia mpaka wewe uuidhinishe kwa maandishi. Usipouidhinisha, hudaiwi kitu, hata kama tayari wamekuwashia laini. Wauzaji wanalijua hili vizuri kuliko sisi, ndiyo maana katikati ya mazungumzo utasikia: "Nimekutumia ujumbe, bonyeza tu hapo kuthibitisha kwamba umeupata." Ukibonyeza, huenda umeidhinisha. Usibonyeze kitu ukiwa bado kwenye simu.

Dhana ya pili inafanana na ya kwanza lakini imevaa suti: "Walinipigia bila ruhusa yangu, na hilo ni kosa kisheria, kwa hiyo mkataba ni batili." Nusu yake ni kweli. Kumpigia mtu binafsi simu ya matangazo bila ridhaa yake ya wazi iliyotangulia ni kosa, na Bundesnetzagentur, mamlaka ya serikali inayosimamia mitandao ya simu na umeme, inaweza kuitoza kampuni faini hadi euro 300,000. Mlalamikie huko, ukitaja tarehe, saa, namba iliyopiga na kilichosemwa. Lakini faini ni baina ya kampuni na mamlaka. Mkataba wako haufi kwa sababu simu ilikuwa haramu. Ni wewe unayepaswa kuutengua.

Na hapa tunafika kwenye dhana iliyo kinyume kabisa, ya wale wenye adabu kupita kiasi: "Nilikubali mwenyewe, neno limenitoka, basi nilipe." Hapana. Mkataba uliofungwa kwa simu una haki ya kutenguliwa ndani ya siku 14 bila kutoa sababu yoyote. Kijerumani haki hiyo inaitwa Widerruf, na ndilo neno la kulitafuta kwenye karatasi walizokutumia. Majarida yana mkanganyiko kidogo hapa, maana muuzaji anaweza kukuambia kwamba magazeti na majarida hayarudishwi. Nakala moja moja ni kweli haina haki hiyo, lakini usajili unayo.

Suala ni siku hizo 14 zinaanza lini. Chukulia dada mmoja anayeishi Bremen. Anapigiwa simu tarehe 3 Machi na kukubali jarida. Nakala ya kwanza inafika tarehe 12 Machi, ikiwa na barua inayomweleza haki yake ya kutengua. Kwa jarida linaloletwa kila mara, hesabu haianzi siku ya simu bali nakala ya kwanza inapomfikia, na siku yenyewe ya kupokea haihesabiwi. Siku ya kwanza ni tarehe 13, ya mwisho ni tarehe 26 Machi. Akituma tarehe 25 na barua ikafika tarehe 29, yuko salama, kwa sababu kinachoangaliwa ni siku ya kutuma. Kama barua ile ya maelezo haikuwemo kabisa, saa haijaanza kugonga, na anaweza kutengua hata baada ya miezi mingi, mwisho ukiwa miezi 12 na siku 14. Kwa intaneti au huduma nyingine isiyo bidhaa ya kushika mkononi, siku 14 huhesabiwa tangu mkataba ulipofungwa, kwa sharti lilelile la kuelezwa haki yako.

Kinachomwangusha dada wa Bremen mara nyingi si tarehe, ni namna. Anarudisha jarida posta bila neno, au anaacha kulipa, au anampigia mtu wa huduma kwa wateja anayemwambia "sawa, nimefuta". Kurudisha kimya kimya hakutoshi. Lazima useme unatengua. Kusema kwa simu kunaruhusiwa, ila utaithibitishaje kesho? Andika. Sentensi moja inatosha:

```
Hiermit widerrufe ich den Vertrag vom 3. März, Kundennummer [namba].
```

Weka jina, anwani na tarehe, tuma kwa barua pepe, kisha tuma barua ya rejista na utunze risiti. Kama wamekwisha kuvuta pesa kwenye akaunti yako, benki inaweza kuzirudisha ndani ya wiki 8 bila kukuuliza kwa nini, na ndani ya miezi 13 kama hukuwapa idhini ya kuvuta. Ila kurudisha pesa peke yake hakutengui mkataba. Fanya yote mawili.

"Wamenirekodi nikisema ndiyo." Tishio hili huwatia watu baridi bure. Anayedai kuna mkataba ndiye anayebeba mzigo wa kuuthibitisha, na kipande cha sauti chenye "ja" peke yake hakionyeshi ulikubali nini, kwa bei gani, kwa muda gani. Tena kumrekodi mtu kwenye simu bila ridhaa yake ni jinai huko Ujerumani. Mwandikie muuzaji kwamba unakana kuwepo kwa mkataba, na kwamba endapo upo, unautengua. Ndiyo, unaweza kusema yote mawili katika barua moja. Wanasheria hufanya hivyo kila siku.

Mwishowe kuna barua za wakala wa kukusanya madeni, zenye maneno mazito na ada zinazoongezeka. Wakala si mahakama. Mjibu mara moja kwa maandishi kwamba unalipinga deni na kwa nini, kisha tunza nakala. Barua ya kuogopa ni ile ya bahasha ya manjano kutoka mahakamani, iitwayo Mahnbescheid, yaani amri ya kulipa deni. Wengi hudhani hakimu ameshaona kesi na kumwamini muuzaji. Hajaona. Mahakama hutoa amri hiyo bila kuchunguza kama deni ni la kweli. Una wiki 2 za kuipinga tangu tarehe iliyoandikwa juu ya bahasha, kwa hiyo usiitupe bahasha. Ndani yake mna fomu ya kupinga: weka alama kwenye kisanduku cha kupinga dai lote, saini, rudisha. Sababu hutakiwi kuandika. Baada ya hapo ni muuzaji atakayeamua kama anataka kweli kusimama mbele ya hakimu na "ja" yake.