Jamu ya nanasi: sukari kiasi gani, chupa ngapi

Kila ninapofundisha usindikaji wa matunda naulizwa swali lile lile: kilo moja ya nanasi inatoa chupa ngapi za jamu? Nami hujibu kwa kuuliza: utaweka sukari kiasi gani? Idadi ya chupa huamuliwa na sukari kuliko tunda.

Jamu iliyoiva vizuri ni takriban asilimia 65 sukari, ukijumlisha uliyoiongeza na ile ya tunda lenyewe. Inayobaki ni maji, zaidi. Ikiwa chini sana ya hapo, jamu hubaki majimaji na baada ya muda huota ukungu au huchacha. Ikipita 70 hivi, sukari huanza kurudi chenga ndani ya chupa. Kwa hiyo ukijua uzito wa sukari yote iliyomo sufuriani, gawanya kwa 0.65 upate uzito wa jamu itakayotoka.

Nanasi lina tindikali ya wastani lakini pektini yake, ile kitu inayogandisha, ni haba. Ndiyo maana silipiki peke yake. Nachukua kilo moja na nusu ya nyama ya nanasi iliyosagwa au kukatwa vipande vidogo (nanasi likishamenywa na kutolewa moyo hupoteza karibu nusu ya uzito, basi nunua kilo tatu), na nusu kilo ya mapera yasiyoiva sana, yaliyochemshwa yakalainika na kuchujwa mbegu. Hiyo nusu kilo napima baada ya kuchuja. Jumla kilo mbili za tunda. Sukari naweka kilo moja na nusu, yaani robo tatu ya uzito wa tunda, pamoja na maji ya ndimu nne au tano. Pera peke yake, kwa kuwa lina pektini nyingi, linabeba sukari sawa kwa sawa.

Sasa hesabu. Mchanganyiko huu wa tunda una sukari yake karibu asilimia 12, yaani gramu 240. Ongeza gramu 1,500, unapata 1,740. Gawanya kwa 0.65: gramu 2,680 hivi. Toa kama gramu 100 za povu na zinazoganda kwenye mwiko na sufuria. Kwa chupa za gramu 450 utajaza tano, na ya sita itafika robo tatu. Hiyo ya sita ndiyo ya kuonja nyumbani. Angalia tu chupa yako imeandikwa nini: jamu ni nzito kuliko maji, kwa hiyo chupa ya mililita 340 ndiyo inayobeba gramu 450.

Namba hiyo hiyo hukuambia lini uzime moto. Kabla ya kuanza, pima sufuria tupu pamoja na mwiko na kibao cha kuiwekea. Tuseme ni kilo 1.2. Jamu itakuwa tayari sufuria ikifika kilo 3.9 hivi, weka kibao juu ya mizani usiiunguze. Napenda njia hii kuliko kipimajoto. Dar es Salaam au Mombasa jamu huiva kwenye nyuzi 105, lakini Njombe, kule juu milimani, maji yenyewe huchemka kama nyuzi 93, hivyo jamu huiva karibu na 98. Anayesubiri 105 kule atapata peremende nyeusi. Mizani haijali mlima.

Pika tunda kwanza mpaka lilainike, ndipo utie sukari na ndimu, koroga iyeyuke, kisha moto mkali kwenye sufuria pana. Kuchemsha kwa muda mrefu kwa moto mdogo huvunja pektini, na ndiyo sababu sipendi mtu apike kilo kumi kwa mkupuo mmoja jikoni kwake.

Uzito ukishafika, dondosha kidogo kwenye sahani baridi, subiri, sukuma kwa kidole. Ikikunjamana, imeganda. Ikiteleza na uzito umefika, usiendelee kuchemsha, kwa sababu tatizo si maji tena. Onja: kama ukali hausikiki, ongeza ndimu. Kama ukali upo, kilichopungua ni pektini, kwa hiyo ongeza rojo la mapera mabichi na urudishe kwenye uzito uliopanga, ukihesabu na sukari ya rojo hilo.

Wengine hutaka kupunguza sukari. Kwa kilo mbili zile zile za tunda, ukitia gramu 800 tu utapata 1,040 kugawanya kwa 0.65, yaani kilo 1.6: chupa tatu na nusu kasoro, na moto mwingi zaidi wa kukausha maji. Ukizima mapema ili upate chupa tano, umeuza rojo litakalochacha rafuni kwa mteja. Bei ya chupa ipange kwa hesabu hii kabla hujanunua mananasi.