Aina za mikataba ya ujenzi: msingi ukizidi kina, nani analipa?

Mbunifu majengo anayeanza kazi huona mikataba ya ujenzi kama karatasi za mkadiriaji majenzi na mwanasheria. Lakini mkataba unaamua jambo ambalo litamfikia yeye siku ya kwanza ya kuchimba: kitu ambacho hakuna aliyekitarajia kikitokea, pesa inatoka mfuko wa nani? Njia rahisi ya kulielewa ni kuchukua shimo moja la msingi na kulipitisha kwenye kila aina ya mkataba.

Tuseme ni nyumba ya kawaida ya ghorofa moja, kuta za msingi zina jumla ya urefu wa mita 60, na mtaro una upana wa mita 0.6. Mchoro unaonyesha kina cha mita 1. Mafundi wakichimba wanakuta kifusi cha zamani, na mhandisi anasema udongo wa kubeba jengo uko mita 1.8 chini. Uchimbaji umeongezeka kwa mita za ujazo 28.8, na ukuta wa msingi umeongezeka kwa mita za mraba 48. Kwa bei ya mfano ya shilingi 15,000 kwa mita ya ujazo ya kuchimba na 50,000 kwa mita ya mraba ya ukuta, ongezeko ni shilingi 2,832,000. Hapo bado hatujagusa kutoa maji wala kuzuia kingo zisiporomoke.

Chini ya mkataba wa kupima upya, jibu ni jepesi. Jedwali la vipimo na bei, lile ambalo ofisini kila mtu analiita BOQ, lina bei za mkandarasi kwa kila kipimo, lakini wingi uliomo ni makadirio tu. Kazi ikikamilika inapimwa, na mkandarasi analipwa alichofanya. Milioni 2.8 analipa mteja. Mkandarasi anabeba bei: kama alijaza 15,000 na vibarua wanamgharimu 20,000, hiyo ni juu yake. Ndivyo unavyofanya kazi mkataba wa mfano wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, uitwao Kitabu Chekundu, unaotumika sana kwenye barabara na miradi ya wafadhili.

Udhaifu wake uko kwenye kipimo chenyewe. Zege likishamwagwa na kifusi kurudishwa, hakuna anayeweza kuona mtaro ulikuwa na kina gani. Mkandarasi atasema 1.8, mteja atasema 1.4, na wewe utaulizwa. Kwa hiyo shimo linapimwa likiwa wazi, wawakilishi wa pande zote mbili wakiwepo, karatasi inasainiwa hapohapo, na picha inapigwa futi ya kupimia ikionekana. Ukiona kwenye hati ya malipo kina ambacho hakina karatasi ya namna hiyo, mgogoro umeshaanza.

Mkataba wa bei moja ndio wateja binafsi wanaoupenda, kwa sababu wanaamini wakishasaini hakuna cha kuongeza. Si kweli kabisa. Katika mkataba huu mkandarasi amekubali kujenga kilichoonyeshwa kwenye michoro kwa bei iliyotajwa. Kama mchoro unaonyesha mita 60 za ukuta na yeye alipiga hesabu ya mita 50, hasara ni yake. (Angalia vizuri hapa: zipo fomu ambazo jedwali la vipimo ni sehemu ya mkataba, na kosa la kipimo ndani yake linasahihishwa kwa gharama ya mteja. Soma kifungu hicho kabla ya kumwahidi mteja chochote.)

Na shimo letu? Hapo mbunifu anaingia mwenyewe, kwa sababu inategemea maandishi ya kwenye mchoro. Kama mchoro unasema kina ni mita 1, na baadaye wewe au mhandisi mkaagiza kiende 1.8, hayo ni mabadiliko ya kazi, na mteja analipa ijapokuwa mkataba ni wa bei moja. Kama mchoro unasema "chimba hadi udongo mgumu" bila kutaja kipimo, na mkataba unasema mkandarasi amejiridhisha na hali ya kiwanja, mteja ana hoja nzito ya kukataa kulipa. Milioni 2.8 zile zile, shimo lile lile. Kilichobadilika ni sentensi moja ambayo kijana wa ofisini aliinakili kutoka mradi uliopita.

Usidhani basi kwamba ujanja ni kuandika "hadi udongo mgumu" kila mahali ili kumlinda mteja. Mkandarasi makini atauona mtego huo, na ataongeza bei ya kina asichokijua. Mteja atalipa hata kama udongo mgumu uko mita 1 tu. Mkandarasi asiye makini hatauona, atashinda zabuni kwa bei ya chini, na fedha zitamwishia akiwa bado ardhini. Mkandarasi mdogo aliyebebeshwa hasara asiyoiweza huondoka kazini, na mteja analipa mtu wa pili kumalizia. Kwa maoni yangu, dawa ni kuchimba mashimo mawili matatu ya majaribio kabla ya zabuni, kisha kukubaliana kwamba kazi ya chini ya sakafu itapimwa upya na iliyobaki ni bei moja. Wakadiriaji wengi wanafanya hivyo. Waombe wakuonyeshe ukurasa ulipoandikwa.

Kuna mkataba wa kusanifu na kujenga, ambapo mkandarasi ndiye mwenye michoro. Kosa la kina kwenye mchoro ni lake. Lakini udongo wenyewe bado unategemea kifungu. Kitabu cha Njano cha FIDIC kinampa mkandarasi nafuu ya muda na gharama akikuta hali ya ardhi ambayo mtu mzoefu asingeweza kuitabiri. Kile cha rangi ya fedha kinambebesha yeye karibu yote, na ndiyo maana bei zake huwa juu.

Mkataba wa gharama na asilimia, tuseme 10, unamwachia mteja kila kitu: milioni 2.8, na juu yake 283,200 za mkandarasi. Gharama ikipanda, ujira unapanda. Ukilazimika kuutumia, kwa mfano kwenye ukarabati wa jengo kuukuu lisilopimika, ujira uwe kiasi kilichofungwa badala ya asilimia. Binamu yake ni mkataba wa ufundi tu, ule wa majumbani, mteja akinunua saruji na nondo mwenyewe. Huko mteja anabeba vifaa vyote, pamoja na vilivyopotea, na fundi anadai ujira wa kina kilichoongezeka.

Vyovyote iwavyo, agizo la kuongeza kina liandikwe kwenye daftari la maelekezo siku hiyo hiyo, likiwa na kina cha zamani, kina kipya na sababu. Kama mkataba haukupi mamlaka ya kuagiza gharama ya ziada bila idhini ya mteja, mpigie kabla hujatia saini. Na tarehe ina uzito wake: chini ya Kitabu Chekundu cha 1999, mkandarasi asiyetoa taarifa ya dai ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, anapoteza haki ya kulipwa dai hilo.