Folda ipo, diski haipo: dhana potofu kuhusu herufi za diski na mti wa Unix

"Folda naiona, kwa hivyo diski imechomekwa." Nasikia maneno haya kila ofisi ya mizigo hapa Mombasa inapohamisha seva yake kutoka Windows kwenda Linux, na yananikera kuliko mengine yote kwa sababu yanapoteza data za watu.

Kwenye Windows, njia kama `E:\Bekapu` hutaja diski mwanzoni kabisa. Ukiichomoa, E: hutoweka na programu hulalamika papo hapo. Linux, kama Unix zote, haina herufi. Mti ni mmoja, unaanzia `/`, na diski ya nje hupachikwa juu ya folda iliyokuwepo tangu awali, tuseme `/mnt/bekapu`. Diski ikiondoka, folda hubaki, ila sasa imo ndani ya diski ya mfumo. Ukiisoma njia hiyo huwezi kutofautisha.

Tuseme seva ina diski ya mfumo ya GB 120 na diski ya nje ya TB 1. Seva inawashwa upya huku waya wa diski ya nje umelegea. Usiku skripti inanakili nyaraka za forodha kwenye `/mnt/bekapu` bila kosa lolote, na usiku unaofuata vilevile. Diski ya mfumo inajaa, linatokea `No space left on device`, hifadhidata inasimama. Mtu anarudisha waya, anapachika diski, halafu anapiga kelele kwamba bekapu za juzi zimefutwa. Hazijafutwa! Zimefunikwa na diski iliyopachikwa juu yake, na bado zinakula nafasi. Fanya `umount /mnt/bekapu` utaziona; zihamishe kwingine kwanza, kisha pachika tena.

Kujua ukweli ni amri moja:

```
findmnt /mnt/bekapu
```

Isipojibu kitu, hakuna diski hapo. Mimi huweka mstari huu juu kabisa ya kila skripti ya bekapu, ili isimame diski isipokuwepo, na nakusihi nawe uuweke:

```
mountpoint -q /mnt/bekapu || exit 1
```

"D: ni diski nyingine, kwa hivyo bekapu iko salama." Mara nyingi C: na D: ni vipande viwili vya diski moja. Ikifa, vinakufa vyote.

"Herufi haibadiliki." Flashi iliyo E: ofisini yaweza kuwa F: kwenye saiba, na faili ya Excel iliyounganishwa na `E:\Ankara` ikakwama. Linux nayo ina mtego wake hapa: `/dev/sdb1` ya leo yaweza kuwa `/dev/sdc1` kesho. Ndiyo maana kwenye `/etc/fstab`, faili ya orodha ya diski za kupachikwa, tunaandika UUID, kitambulisho kisichobadilika hivyo, ambayo `lsblk -f` itakuonyesha, pamoja na `nofail` ili seva iwake hata diski ya nje ikikosekana.